Sarafu au betri ya saa: jinsi ya kuisoma eksirei ya mtoto aliyemeza kitu cha duara

Mzazi akifika dirishani na kusema "mtoto kameza hela", mara nyingi ni kweli ni hela, mia au mia mbili iliyokuwa kwenye meza ya genge au kwenye kibubu. Ila mara nyingi huyo mzazi hakuona kitu kikiingia mdomoni, aliona tu mtoto anashika shingo, mate yanamtoka, na chenji zimetawanyika sakafuni, basi akaunganisha mwenyewe. Hapo ndo balaa linapojificha, maana betri ndogo ya duara ile ya saa au ya rimoti ukubwa wake unakaribiana na sarafu, kwenye eksirei nayo inatokea kama duara jeupe, na mtu akiangalia haraka haraka anaandika "sarafu kwenye umio" halafu mtoto anapangiwa kesho asubuhi. Kwa sarafu kesho asubuhi mara nyingi sio mbaya. Kwa betri kesho asubuhi ni kuchelewa sana.

Mimi nafanya kazi chumba cha eksirei, mkoa wa Dodoma, na naandika kwa ajili ya wazazi na kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya ambao wanapiga picha au wanapokea picha bila kuwa na daktari wa redioloji pembeni. Nitaongelea kitu kimoja tu, lile duara jeupe kooni, unajuaje ni nini, na ukishajua unafanya nini.

Kwanza elewa betri inafanya nini kule ndani

Wengi wanadhani betri ni hatari kwa sababu itapasuka ivuje asidi. Hiyo sio sababu kubwa na ndo maana watu wanajipa moyo wakisema "betri yenyewe nzima, haijavuja". Kinachotokea ni umeme. Betri ikikwama kwenye umio, yaani mrija wa chakula, kuta za mrija zinaibana pande zote mbili na zenyewe zina unyevu na chumvi, kwahiyo umeme unapata njia ya kupita kwenye nyama kutoka upande mmoja wa betri kwenda mwingine. Pale kwenye upande wa hasi umeme unavunja maji ya mwilini na kutengeneza magadi makali, tena makali kweli, alkali ambayo pehashi yake inaweza kufika 12 au 13. Alkali ya namna hiyo haikaushi nyama, inaiyeyusha, na inazidi kuingia ndani.

Nyama inaanza kuungua ndani ya dakika 15 hivi. Ndani ya masaa mawili jeraha linaweza kuwa kubwa kiasi cha kuanza kutoboa. Na majirani wa umio sio wa mchezo, mbele yake kuna bomba la hewa, pembeni kuna mishipa mikubwa ya damu ukiwemo ule mkuu unaotoka kwenye moyo, nyuma kuna uti wa mgongo. Betri iliyokufa nayo inaunguza. Ile ambayo haiwezi tena kuwasha rimoti bado ina volti za kutosha kufanya kazi hii kwenye nyama, kwahiyo "ilikuwa mbovu hiyo" sio habari njema.

Sarafu haina umeme. Inakwama, inabana, inasumbua, inaweza kusababisha kidonda ikikaa siku nyingi, ila haichomi. Tofauti yote ya haraka inatoka hapo.

Zinazoogopwa zaidi ni zile pana za milimita 20 za lithiamu, kwasababu zina volti 3 na upana wake ndo unakwama vizuri kwenye umio wa mtoto mdogo. Namba yake iko usoni, CR2032, CR2025, CR2016. Zile tarakimu mbili za kwanza ni upana, milimita 20, mbili za mwisho ni unene, yaani 32 ni milimita 3.2, 25 ni 2.5, 16 ni 1.6. Kumbuka hizo namba za unene, zitatusaidia huko mbele kwenye picha ya ubavu.

Kabla hujafika kwenye mashine

Maswali ya kuuliza ni machache na yaulizwe wakati mtoto anapelekwa, sio akae benchi kwanza. Nani aliona kitu chenyewe kwa macho? Nyumbani kuna rimoti ya sabufa, zile bapa nyembamba kama kadi? Mizani ya jikoni, kipima joto, kipima sukari cha babu, funguo ya gari, saa, vile viatu vya mtoto vinavyowaka taa, mdoli unaoimba? Mtu mmoja abaki nyumbani au apigiwe simu akague hivyo vitu kimoja kimoja, kama kuna kifuniko kimeachia na betri haipo hiyo peke yake inatosha kubadilisha safari nzima. Akikuta betri nyingine ya aina hiyo hiyo apige picha ile namba atume. Na saa ngapi ilitokea, au mara ya mwisho mtoto alionekana mzima saa ngapi.

Usimtapishe. Usimlishe tonge la ugali au ndizi mbivu eti "kukisukuma kishuke", najua hii iko kila nyumba, lakini kama ni betri iliyokwama haishuki na wewe umemwongezea cha kutapika na kupaliwa. Kumpiga mgongo ni kwa mtoto aliyekabwa hawezi kupumua wala kulia, huyo ni kesi nyingine kabisa.

Na hii ni ya kwetu huku kanda ya kati, mtoto anayetoa mate, anakohoa, hataki kula, kuna bibi atasema ni kimeo apelekwe akakatwe. Pia kuna sehemu atapewa dawa ya nimonia au ya mafindofindo. Betri inaweza kuleta dalili hizo hizo, mate, kikohozi, kukoroma, homa, kukataa chakula kigumu huku anakunywa maji, na wengine hawana dalili yoyote masaa ya mwanzo wanacheza tu. Mtoto mdogo aliyeanza ghafla kukataa kumeza anastahili picha kabla ya mtu kumpasua mdomo.

Kuhusu asali. Kama betri imemezwa kweli au kuna sababu ya maana ya kushuku, mtoto ana umri zaidi ya mwaka mmoja, hayajapita masaa 12, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo viwili vya chai, kama mililita 10, kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Huku kwetu asali ya Manyoni na Singida haiko mbali na nyumba nyingi. Inafunika ile sehemu na kupunguza makali ya alkali, inapunguza kasi ya kuungua tu, haiondoi betri na haiponyi. Kama asali haipo usizunguke kuitafuta, endesheni gari. Chini ya mwaka mmoja usimpe, kuna hatari ya ugonjwa wa sumu ya bakteria unaoitwa botulizimu. Na akianza kupaliwa, kutapika au kushindwa kumeza mate, acha. Zaidi ya asali hiyo asipewe kitu kingine mdomoni.

Kupiga picha zenyewe: mbili, na zikamate shingo mpaka tumbo

Kosa la kwanza huwa kwenye fomu. Daktari kaandika "eksirei ya kifua", mpigaji kapiga kifua, kitu kiko juu kidogo ya mpaka wa picha, ripoti inaandikwa "hakuna kitu". Sehemu kinapokwama mara nyingi zaidi ni pale juu kabisa ya umio, usawa wa mifupa ya mtulinga, kwahiyo picha ianzie shingoni kwenye taya iende mpaka nyonga. Kwa mtoto mdogo mara nyingi inaingia kwenye filamu moja. Na usiishie kwenye kitu cha kwanza ulichokiona, wapo wanaomeza viwili.

Kisha picha ya ubavu, yaani mtoto kalala au kakaa kiubavu, inayoonyesha shingo na kifua. Hii watu wanairuka kwa sababu mtoto analia na mama anaogopa mionzi. Usiiruke. Picha ya mbele inakuonyesha uso wa kile kitu, ya ubavu inakuonyesha unene na umbo la ukingo wake, na bila ukingo umepata nusu ya jibu.

Picha ya mbele: tafuta pete ya pili

Sarafu ni chuma kimoja kilichopondwa. Kwenye picha ya mbele inatokea duara jeupe sawasawa kuanzia katikati mpaka pembeni, ukingo mmoja mkali. Wakati mwingine unaona kivuli cha mchoro wake kwa mbali, ila hakuna mstari wa kuizunguka ndani.

Betri imetengenezwa kwa vipande viwili, kopo la chini ambalo ni chanya, na kifuniko cha juu ambacho ni hasi na ni kidogo kidogo kwa upana, katikati yao kuna pete ya plastiki kuzuia visigusane. Ni kama kisahani kidogo kilichowekwa juu ya kisahani kikubwa kidogo. Plastiki inapitisha mionzi kuliko chuma, na pale pembeni ambapo kifuniko hakifiki kuna chuma kidogo zaidi, kwahiyo kwenye picha unaona duara halafu ndani yake karibu na ukingo unaona pete nyingine nyembamba, iliyofifia, inazunguka sambamba na ukingo wa nje. Duara mbili moja ndani ya nyingine. Hiyo ndo alama ya betri kwenye picha ya mbele.

Sasa shida, hiyo pete haionekani kama picha imeungua weupe. Mashine nyingi za kidijitali zinafungua picha kwa mwanga unaofaa kuona mapafu, na kwa mwanga huo kitu chochote cha chuma kinakuwa doa jeupe tupu, sarafu na betri zinafanana kama mapacha. Kuza lile duara mpaka lijae kwenye skrini, kisha punguza mwanga na chezea kontrasti taratibu mpaka mapafu yawe meusi kabisa na huoni mbavu vizuri. Hapo ndani ya duara ndo panaanza kuonekana. Hii hatua haimalizi dakika moja na naiona inarukwa kuliko zote.

Upana usiutegemee. Watu wanapenda kuweka rula kwenye skrini, lakini picha inakuza kitu kidogo kutokana na umbali wake na kaseti, betri ya milimita 20 inaweza kusoma 22, na hapo ukajikuta unabishana na sarafu. Kipimo kinakusaidia kushuku, hakikusaidii kuachia.

Picha ya ubavu: tafuta bega

Ukiangalia ukingo wa sarafu kwa ubavu unaona mstari mmoja mweupe, mwembamba, pande zote mbili sawa, miisho yake imekatwa wima. Betri kwa ubavu ina bega, yaani upande mmoja ni mrefu na upande wa pili ni mfupi kidogo, kwenye miisho ya juu na chini unaona kama kangazi kadogo. CR2032 yenye milimita 3.2 inaonekana nene na bega lake halifichiki. CR2016 yenye milimita 1.6 unene wake ni wa sarafu kabisa na bega linaweza lisionekane hata picha ikiwa nzuri.

Ukiliona bega usiishie kusema "ni betri". Angalia ule upande mfupi unatazama wapi. Upande mfupi ndo hasi, na hasi ndo inayounguza zaidi. Ukitazama mbele, bomba la hewa liko hatarini, unaweza kupata tundu kati ya njia ya chakula na njia ya hewa. Ukitazama nyuma, fikiria uti wa mgongo na mishipa mikubwa. Anayekwenda kuitoa anataka kujua hilo kabla hajaingia, kwahiyo liandike kwenye ripoti.

Kuna kitu kingine picha inakuambia. Kitu bapa kikiwa kwenye umio mara nyingi kinalala uso ukitazama mbele, kwahiyo picha ya mbele ni duara na ya ubavu ni mstari. Ikiwa kinyume, mstari kwenye picha ya mbele na duara kwenye ya ubavu, inawezekana kimeingia njia ya hewa. Sio sheria ya kuapia lakini inakufanya uangalie upumuaji wa mtoto mara ya pili.

Mitego minne

Sarafu mbili zilizobebana, ndogo juu ya kubwa, zinaleta pete ya pili na zinaleta bega. Kweli kabisa, mtu anaweza kudanganyika. Sarafu za rangi mbili nazo, kwetu hazipo ila za Kenya za shilingi 10 na 20 zinafika huku mifukoni mwa madereva wa malori, zile zina chuma kimoja katikati na kingine pembeni, zinaweza kuonyesha pete. Makosa haya mawili yanakupeleka upande salama, utamkimbiza mtoto theatre ukakuta ni sarafu, hakuna aliyeumia.

Mengine mawili yanakupeleka upande mbaya. Betri nyembamba isiyoonyesha bega, nimeisema hapo juu. Na betri iliyolala kimshazari, maana ukiipiga kwa pembe pete inajifunga na bega linapotea, unaona tu umbo la yai jeupe. Ukiona umbo la yai kwenye picha zote mbili hujaona kitu bado, mgeuze mtoto kidogo upige tena, mionzi ya picha moja ya ziada ni midogo sana ukilinganisha na unachotaka kukosa.

Kanuni tunayoishika ni hii, pete au bega likionekana ni betri mpaka itolewe tuione, na picha ikiwa haieleweki nayo ni betri. Kuita sarafu kunahitaji ushahidi, yaani duara sawasawa baada ya kuchezea mwanga, ukingo ulionyooka kwa ubavu, picha isiyo na mshazari, na ikiwezekana mtu aliyeona kwa macho yake. Kimoja kikikosekana, usiiite.

Tupitie kesi moja ya mfano

Tuseme mtoto wa miaka miwili na nusu yuko Kibaigwa na bibi yake. Saa mbili asubuhi bibi anahesabu chenji za maandazi, anasikia mtoto anakohoa, anageuka anamkuta kashika shingo na mia mbili iko miguuni pake. Anampa ndizi, mtoto anatapika. Saa tatu wako kituo cha afya, "kameza hela". Klinisheni anamkuta anapumua vizuri, hatapiki tena, mate yanamtoka kidogo ila mengine anayameza, hataki chakula. Kwa historia hiyo wengi wangeandika sarafu, lakini huyu anauliza swali la rimoti. Bibi hajui, anampigia mjukuu mkubwa aliyebaki nyumbani, kijana anakuta rimoti ya sabufa chini ya kochi, kile kidroo chake kidogo kimetoka, betri hakuna. Anasoma kwenye pakiti ya akiba, CR2025.

Hapa picha bado haijapigwa na uamuzi umeshabadilika. Mtoto ana zaidi ya mwaka, lisaa limoja tu limepita, anaweza kumeza kidogo kidogo, basi asali inaanza, vijiko viwili kila dakika 10, huku gari ya kwenda Dodoma mjini inawashwa na simu inapigwa hospitali ya rufaa, "tunaleta mtoto, betri ya milimita 20, imemezwa saa mbili kasoro au na dakika chache, andaeni eksirei na mtu wa endoskopi na wa usingizi". Endoskopi ni ule mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni kukitoa kitu. Kupiga hiyo simu kabla ya kuondoka ni kuokoa muda wa kumtafuta mtu baada ya kufika.

Saa tano kasorobo wako chumba cha eksirei. Picha ya mbele, duara jeupe usawa wa mitulinga, kwa mwanga wa kawaida ni doa tu. Unakuza, unapunguza mwanga, pete nyembamba inatokea ndani ya ukingo, upande wa kulia inaonekana vizuri, kushoto imefifia kwa sababu betri imelala kidogo. Kwenye kipimo inasoma milimita 22, haikuambii kitu. Picha ya ubavu, mstari mwembamba, na hapo bega dogo juu na chini, upande mfupi unatazama mbele, umegusana na kivuli cheusi cha bomba la hewa. Ripoti inakuwa mistari miwili, betri bapa umio wa juu, hasi ikitazama mbele, imemezwa takriban masaa matatu kasoro. Unaisema kwa mdomo moja kwa moja kwa daktari, usiiache kwenye foleni ya karatasi.

Na hapa kuna mabishano ambayo hutokea, mtoto kala ndizi na asali, usingizi si unataka tumbo tupu? Kwa sarafu ndio, wanasubiri. Kwa betri iliyokwama kwenye umio hawasubiri, mtu wa usingizi anajua namna ya kulinda njia ya hewa ya mgonjwa aliyekula, na kusubiri masaa sita tumbo liwe tupu ni kuichagua ile hatari kubwa zaidi.

Ukiwa sehemu ambayo haina endoskopi

Vituo vingi vya huku havina. Kazi yako ni kumtoa hapo haraka na taarifa sahihi, sio kumaliza. Kuna njia ya zamani ya kutoa sarafu kwa katheta ya Foley, ule mrija laini wenye puto mwishoni, unaipitisha chini ya sarafu, unajaza puto, unaivuta juu. Kwa sarafu iliyokwama muda mfupi kuna wanaoifanya na inafanya kazi. Kwa betri usiguse. Unavuta bila kuona kwenye ukuta ulioungua na unaweza kuutoboa, na hata ikitoka vizuri hujui umeacha jeraha la kiasi gani nyuma, wakati kuliona lile jeraha ni nusu ya matibabu.

Ukituma picha kwa wasapu kwa mwenzako akusaidie kusoma, usipige skrini nzima ukiwa mbali na taa imewaka inaakisi. Zima taa, kuza duara kwanza, punguza mwanga kama nilivyoeleza, piga karibu, tuma kama faili sio kama picha ya kawaida maana wasapu inaibana na ile pete nyembamba ndo ya kwanza kupotea. Tuma zote mbili, ya mbele na ya ubavu, ficha jina la mtoto. Na gari isisubiri jibu la wasapu.

Ikiwa kweli ni sarafu

Kama anapumua vizuri, anameza mate yake, hana maumivu makali, anaweza kuangaliwa masaa 12 mpaka 24 hospitalini, maana nyingine zinashuka zenyewe kwenye tumbo, na kabla ya kuitoa picha inarudiwa kuona kama bado ipo. Ikishafika tumboni nyingi zinatoka na choo. Akitoa mate hawezi kumeza, au kupumua kuna shida, hata sarafu inakuwa ya haraka.

Betri iliyofika tumboni nayo imepunguza hatari ila usimruhusu tu aende nyumbani "atainya". Ilipita kwenye umio, na huenda ilikaa pale muda kabla ya kushuka. Daktari wa watoto aamue kwa umri, upana wa betri, dalili, na kama imemezwa pamoja na sumaku au kitu kingine, na picha zirudiwe mpaka ithibitike imetoka. Ya puani au sikioni inaunguza vile vile na ni ya kutolewa haraka iwezekanavyo, ila huko usiweke asali wala matone yoyote.

Baada ya kutolewa

Daktari akiitoa anakagua ukuta, na kama hakuna tundu wengine wanaosha pale kwa asidi asetiki iliyopunguzwa sana, asilimia 0.25, kuzima alkali iliyobaki. Usijaribu kitu kama hicho nyumbani kwa siki.

Wazazi wengi wanadhani betri ikishaonekana kwenye kidishi cha chuma mambo yameisha. Alkali inaendelea kula nyama kwa siku kadhaa baada ya betri kutoka, na tundu la kwenda kwenye bomba la hewa au mshipa wa damu linaweza kujitokeza siku au hata wiki kadhaa mbele. Kwahiyo mtoto aliyeungua anabaki wodini, na akiruhusiwa mzazi anaondoka na orodha hii kichwani. Akikohoa kila anapokunywa, anapaliwa na maji, sauti imebadilika au imekauka, homa, shingo inamuuma kugeuka, rudi. Akitapika damu hata kijiko kimoja, au choo kikawa cheusi kama lami, hiyo sio ya kusubiri ikome, damu kidogo inaweza kuwa dalili ya kwanza kabla ya kubwa kutoka kwenye mshipa mkuu, mpeleke saa hiyo hiyo na useme neno "betri" mlangoni, na uonyeshe karatasi ya ruhusa na zile eksirei mbili. Miezi mbele akianza kushindwa kumeza nyama au tonge, huenda umio umebanwa na kovu na kuna namna ya kuutanua, arudi kliniki.

Karatasi ya ruhusa iandikwe siku na saa betri ilipomezwa, ilikaa muda gani, ilikuwa usawa gani, na upande wa hasi ulitazama wapi. Mtoto akirudi usiku na damu, kwa daktari ambaye hajawahi kumwona, hizo taarifa nne ndo atazitafuta.